Tiki ipo, kazi haipo: kurekebisha daftari la kazi la duka la steshenari

Mwongozo huu ni wa duka la steshenari la mtaani, lile linalotoa fotokopi, kuchapa, kubaindi, kulaminisha vyeti na kupiga picha za pasipoti, na kwenye kaunta hiyohiyo likafanya uwakala wa fedha. Wahudumu ni wawili au watatu kwa zamu. Kazi za siku zinaandikwa kwenye kaunta buku, au kwenye Excel ya kompyuta ileile ya kuchapia. Malalamiko ya wenye maduka haya yanafanana sana, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili sababu ya kawaida inatangulia, na ukaguzi usiohitaji fedha wala fundi unakuja kwanza.

Ukurasa ninaouzungumzia una sehemu tatu. Juu kuna kazi zinazojirudia kila siku, katikati kazi za wateja, na chini kabisa makabidhiano ya zamu. Kila mstari una kazi, jina la mfanyaji, saa na matokeo. Kama daftari lako halina safu ya jina na ya matokeo, zichore leo kabla hujaendelea, kwa sababu nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanaanzia kwenye safu hizo mbili.

## Dalili: kazi imewekewa tiki lakini haijafanyika

Sababu inayoongoza ni tiki za mkupuo. Mhudumu anafunga duka saa 2 usiku, anafungua daftari, anashusha tiki nane kutoka juu mpaka chini kisha anaondoka. Kuthibitisha ni rahisi. Omba daftari saa 4 asubuhi bila taarifa. Kama kazi za kufungua duka zimefanyika na safu bado ni nyeupe, tiki zako zote zinaandikwa usiku kwa kumbukumbu. Angalia pia wino: tiki nane za kalamu moja, zenye mlalo mmoja, zimewekwa kwa pumzi moja.

Kukaripia hakuleti tiba. Kinachosaidia ni kuondoa tiki na kudai namba. Badala ya "Kagua karatasi ✓", mstari usomeke "Rimu za A4 zilizobaki: ___". Badala ya "Hesabu floti ✓", uwe "Floti ___, taslimu ___". Namba haiwezi kuandikwa bila mtu kwenda kuangalia, na akiibuni itagongana na ya jana.

Namba ninayoipenda kuliko zote ni kaunta ya mashine ya fotokopi, ile hesabu ya jumla ya kurasa ambayo mashine inaihifadhi yenyewe. Tuseme jana jioni iliandikwa 184,310 na leo jioni inasoma 185,120. Mashine imetoa kurasa 810. Daftari la mauzo likionyesha kurasa 760, kuna 50 za kuulizia: zimeharibika, zimetolewa bure, au hazikuandikwa. Nyingi huwa ni karatasi zilizoharibika, na mhudumu anayeziweka kwenye boksi moja chini ya meza anaweza kukuonyesha. Kumbuka tu kwamba karatasi moja iliyochapwa pande mbili inahesabiwa kama kurasa mbili.

Sababu ya pili ni maneno yasiyosema kitu. "Angalia mashine" inatimizwa kwa kuigeukia. Andika: "Futa kioo, toa nakala moja, tafuta mstari mweusi." Hapo mhudumu mgeni wa siku mbili anajua mkono wake ufanye nini.

Sababu ya tatu ni orodha kuwa ndefu mno. Kazi ishirini za kila siku hazisomwi na mtu. Ile ambayo ikirukwa leo hakuna atakayeumia mpaka Jumamosi, ihamishie kwenye ukurasa wa Jumamosi. Duka la ukubwa huu linatosheka na kazi sita au saba za kila siku.

Sababu ya mwisho, na haitokei mara nyingi kama wenye maduka wanavyodhani, ni mtu kuficha jambo. Hapa simama. Kwenye uwakala, floti ukijumlisha na taslimu lazima urudi kwenye mtaji ulioanza nao. Mtaji ukiwa 700,000, floti 412,000 inadai taslimu 288,000. Ukikuta pungufu, usirekebishe daftari na usifute kitu kwa wino mweupe. Kata namba kwa mstari mmoja ili ya zamani isomeke, andika mpya pembeni, weka saini. Pitia miamala ya siku kwenye simu ya uwakala. Kama fedha zimekwenda namba isiyo sahihi, piga huduma kwa wateja ya mtandao husika saa hiyohiyo, maana mpokeaji akishazitoa, kuzirudisha kunakuwa vigumu. Upungufu ukijirudia, mwite mhasibu. Orodha ya kazi haiwezi kutatua suala la fedha.

## Dalili: kazi moja inakuwa kiporo kila siku

Mstari unanakiliwa Jumatatu, Jumanne, Jumatano, na kila siku maneno ni yaleyale. Soma mstari kwa sauti halafu uliza: nikiinuka sasa hivi, naanza kushika nini? Ukikosa jibu, umeshapata tatizo.

Mara nyingi mstari mmoja umebeba kazi nne, na ya kwanza haiko mikononi mwako. Chukua mfano wa "Mtihani wa shule, nakala 120, Alhamisi". Mstari huu unaonekana kazi moja, na mhudumu anauruka kila siku kwa sababu anajua hauwezi kuanza, ila daftari halisemi kwa nini. Uvunje:

1. Mwalimu arudishe nakala aliyoisahihisha: Jumanne, kabla ya saa 4 asubuhi.
2. Advansi nusu ipokelewe na iandikwe.
3. Karatasi na tona: wanafunzi 120 kwa kurasa 4 ni kurasa 480. Pande mbili ni karatasi 240, ongeza 10 za kuharibika, jumla nusu rimu. Tona isiyofika kurasa 480 ibadilishwe mapema, si katikati ya kazi.
4. Kuchapa na kupiga pini: Jumatano kuanzia saa 8 mchana. Kuchukuliwa saa 11 jioni.

Kila mstari una jina la mtu wa dukani, hata ule wa kwanza. Mwalimu ndiye anayeleta nakala, lakini lazima kuwe na mtu wa kumfuatilia. Pembeni ya mstari unaosubiri mtu wa nje andika herufi N, yaani "nasubiri", pamoja na saa ya mwisho uliyompigia. Bila saa hiyo, N inageuka kisingizio.

Na simu yenyewe iwe na masharti ndani yake: "Shikamoo mwalimu. Nakala ya mtihani bado haijarudi kwetu. Ikifika kesho kabla ya saa 4 utauchukua Jumatano jioni kama tulivyokubaliana. Ikichelewa zaidi ya hapo, itakuwa Ijumaa." Mwalimu anajua afanye nini, na wewe una neno la kuandika kwenye daftari.

Kazi ya mtihani iandikwe kwa namba tu, kwa mfano "Kazi 37", bila jina la shule wala somo. Wanafunzi wa shule hiyohiyo wanasimama kwenye kaunta hiyohiyo kununua kalamu, na daftari liko wazi. Karatasi zilizoharibika za mtihani zichanwe. Zisigeuzwe za kufungia maandazi.

Sababu ya pili ni mstari usio na jina. Jina "sisi" au "wote" ni sawa na kuacha wazi. Ya tatu ni kukosa kifaa: tona imeagizwa Kariakoo na bado iko kwenye basi. Hapo kazi ya leo si kuchapa. Ni kupiga simu ofisi ya mizigo ya basi, na hiyo ndiyo iandikwe.

Kwa kiporo sugu weka sheria: mstari ukishanakiliwa mara tatu, hauruhusiwi kunakiliwa mara ya nne kwa maneno yaleyale. Ama uvunjwe, ama upewe jina na saa, ama mteja apigiwe simu na kuambiwa ukweli kwamba haiwezekani. Njia hii ya tatu watu wanaikwepa, lakini mteja aliyeambiwa mapema bado ana muda wa kwenda duka jingine.

Simama kama kiporo chenyewe ni "tengeneza mashine". Kutoa karatasi iliyonasa kunamfaa mhudumu, mashine ikiwa imezimwa. Harufu ya kuungua, moshi, au karatasi kunasa kila mara kwenye roli za moto ni kazi ya fundi. Chomoa umeme, subiri mashine ipoe, na kwenye daftari andika jina la fundi na saa aliyoahidi kufika.

## Dalili: kazi inapotea kati ya zamu ya asubuhi na ya jioni

Mteja anakuja saa 10 jioni kuchukua ripoti yake iliyobaindiwa, na mhudumu aliyepo anamwangalia kama mgeni. Kabla ya kumlaumu wa asubuhi, fuata njia ambayo agizo liliingilia.

Inayopoteza kazi nyingi zaidi ni WhatsApp ya mhudumu binafsi. Mteja anatuma faili kwa namba anayoijua, mhudumu anajibu "sawa", na zamu yake ikiisha simu inaondoka naye pamoja na kazi. Ukaguzi: hesabu namba ngapi za simu wateja wanatumia kutuma faili. Zikizidi moja, umepata tundu. Namba iwe ya duka, simu ilale dukani, na hakuna anayejibu "sawa" kabla ya kuandika mstari, ajibu kwa namba ya kazi: "Kazi 41, saa 10 jioni."

Kisha vikaratasi. Mhudumu yuko na foleni ya watu watano, anaandika agizo nyuma ya risiti. Usipige vita vikaratasi kwa maneno, sogeza daftari. Lifunge kwa kamba kwenye kaunta, kalamu nayo ifungwe, mahali ambapo mkono unafika bila mtu kuinuka. Daftari linalokaa kwenye droo litashindwa na risiti kila siku.

Nyaraka za mteja ziingie kwenye bahasha ya A4 yenye namba ileile ya kazi iliyoko kwenye daftari, na flashi yake iwe ndani. Hapo mtu wa zamu ya jioni hata asipojua habari yoyote, ana namba mbili zinazolingana. Namba zisianze upya kila siku. Ziende mfululizo mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo utakuwa na bahasha mbili za "Kazi 3".

Makabidhiano yachukue dakika tano. Anayetoka anasoma kwa sauti mistari iliyo wazi tu, anayeingia anashika bahasha yake kwa mkono, kisha anatia saini. Asipoiona bahasha, hatii saini. Fanyeni hivyo kabla ya kuhesabu fedha, kwa sababu baada ya fedha kila mtu anawaza daladala.

Kuna vitu ambavyo daftari hili halipaswi kubeba kamwe: namba ya siri ya uwakala, namba ya NIDA ya mteja, picha ya kitambulisho chake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na duka la fotokopi ndipo vitambulisho vya mtaa mzima vinapopita. Jina la kwanza, simu na namba ya kazi vinatosha.

## Dalili: jedwali la kompyuta linasema hakuna kazi iliyochelewa, na mteja amesimama mlangoni

Hapa tunazungumzia Excel au Google Sheets. Tuchukulie safu A ni tarehe ya kukamilisha, B ni kazi, C ni jina, D ni hali. Wengi wanahesabu zilizochelewa hivi:

```
=COUNTIFS(A2:A500,"<"&TODAY(),B2:B500,"<>",D2:D500,"<>imefanyika")
```

Kompyuta ikikataa, jaribu kuweka `;` mahali pa `,` zinazotenganisha sehemu za fomula, kwa kuwa mipangilio ya nchi hubadilisha alama hiyo. Ikikubali lakini ikaleta 0 huku kazi zimelala, karibu kila mara kosa ni la tarehe zilizohifadhiwa kama maandishi. Fomula inaziruka bila kukuonya.

Ukaguzi wa kwanza ni wa macho. Kama hukubadilisha mpangilio wa safu, tarehe halisi inaegemea kulia na maandishi yanaegemea kushoto. Ukitaka uhakika, andika kwenye seli tupu:

```
=ISNUMBER(A2)
```

`FALSE` maana yake ni maandishi. Asili ya tatizo ni mpangilio wa Kimarekani, unaotanguliza mwezi. Sisi tunaandika siku kwanza. Kwa hiyo 05/03/2025, yaani tarehe 5 Machi, inasomwa kuwa tarehe 3 Mei bila kelele, ila 13/03/2025 haiwezekani kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, basi inaachwa maandishi. Ukiona tarehe 1 hadi 12 zimeegemea kulia, na kuanzia 13 zimeegemea kushoto, huna haja ya kutafuta zaidi. Hizo za kulia ndizo hatari kuliko zote, kwa sababu zinaonekana nzima.

Kwenye Google Sheets nenda `File > Settings > Locale` uchague `United Kingdom`. Kwenye Excel ya Windows badilisha `Region` ya kompyuta yenyewe. Mabadiliko hayo yanasaidia tarehe mpya tu. Za zamani zilizobaki maandishi unazigeuza kwenye safu ya pembeni:

```
=DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2))
```

Fomula hii inataka maandishi yenye muundo kamili, kama 13/03/2025. Zile zilizogeuzwa mwezi kuwa siku, ziandike upya kwa mkono ukilinganisha na bahasha au ujumbe wa mteja. Kazi zilizo wazi hazizidi chache, na ni salama kuliko fomula.

Sababu ya pili ni neno la hali kuandikwa kwa namna tofauti: "imefanyika", "tayari", "ok", au "imefanyika " yenye nafasi mwishoni. Hapo kosa linakwenda upande wa pili, kazi iliyokwisha inahesabiwa kuwa imechelewa. Tumia `Data > Data validation` uweke orodha ya maneno matatu tu: wazi, nasubiri, imefanyika.

Sababu ya tatu: kuna mtu aliandika `=TODAY()` kwenye safu ya tarehe ili asichoke. Kesho yake kazi yote inahama na kuwa ya kesho, na haitachelewa milele. Tarehe isiyobadilika inaingizwa kwa `Ctrl + ;`.

## Dalili: kazi sahihi, jina la mteja mwingine

Jedwali lilikuwa zima asubuhi, mchana kila kazi ina jina au tarehe ya jirani yake. Kuna mtu alichagua safu moja na kuipanga peke yake. Bonyeza `Ctrl + Z` hapohapo kama faili halijafungwa. Kwenye Google Sheets, rudi kwenye toleo la asubuhi kupitia `File > Version history > See version history`. Excel ilishakuuliza swali wakati wa kupanga; jibu salama ni `Expand the selection`.

Kama si hivyo, basi kuna nakala mbili. Faili la Excel likitumwa kwa WhatsApp, kila anayelifungua na kuliandika anakuwa na lake, na ukiona majina kama `kazi(1).xlsx` na `kazi mpya mwisho.xlsx` usijaribu kuyaunganisha usiku huo. Chagua moja lenye mistari mingi iliyo wazi, chapa mengine kwenye karatasi, pitia mstari kwa mstari na bahasha zikiwa mezani. Baada ya hapo faili likae sehemu moja: kompyuta ya kaunta, au Google Sheets yenye kiungo kimoja. Na kama umeme na bando si vya kutegemea, maoni yangu ni kwamba daftari liwe ndilo rasmi, jedwali liwe la mwenye duka kuangalia mwisho wa wiki. Kuendesha vyote viwili kwa usawa ndiko kunakozaa nakala mbili.

Simama kama diski au flashi yenye faili haifunguki na kompyuta inakuomba uifomati. Usikubali, usihifadhi chochote kipya humo, mpelekee fundi wa kompyuta.

## Dalili: kazi za mwezi zinasahaulika

Orodha ya siku haioni mbali. Tenga kurasa mbili za mwisho za kaunta buku, andika namba 1 hadi 31, mstari mmoja kila tarehe. Kodi ya pango, umeme, usafi wa mashine, PAYE kama una mwajiriwa anayekatwa (mwisho ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata), kila kimoja kiandikwe siku tatu au nne kabla ya mwisho wake. Anayefungua duka anasoma mstari wa tarehe ya leo kabla hajagusa kitu. Leseni ya biashara inayokwisha mara moja kwa mwaka iandikwe ndani ya jalada la mbele, kwa herufi kubwa.

Barua ya TRA isiingie kwenye orodha kama "shughulikia TRA". Barua ina muda wake wa kujibu. Ipelekwe kwa mshauri wa kodi siku hiyohiyo, na mstari wa daftari uwe na jina lake na siku ya miadi. Mashine ya EFD ikigoma nayo haifai kuwa kiporo hata cha usiku mmoja: mpigie wakala aliyeidhinishwa aliyekuuzia, ijulishe TRA, na usimruhusu fundi wa mtaani kuifungua.